Mume wangu ana kesi mbili, na zote nimeitwa shahidi

*Assalam aleikum Bi Mshauri. Mimi ni mama wa Barani, Malindi. Nina mtoto wa miaka 8 niliyezaa na mume wa kwanza. Nimeolewa mara ya pili kwa nikahi ya msikitini, huu mwaka wa nne. Mwezi uliopita nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mume wangu na mpini wa jembe mkononi, mtoto yuko chini analia. Mkono ulikuwa umevunjika. Usiku ule aliniambia hasira zilimpanda. Hospitali walitaka polisi wajue, na sasa ameshtakiwa. Polisi walipokuja nyumbani wakakuta na mashine ya boti, ikaonekana ni ya wizi, akafunguliwa kesi ya pili. Ile mashine niliona akiileta usiku kwa mkokoteni, na aliniambia mwenyewe ameitoa wapi. Nilipoulizwa kituoni nilisema yote, nikatia sahihi. Sasa nimeambiwa nitatoa ushahidi kesi zote mbili, na mwanangu naye ataitwa. Mavyaa na mawifi wanasema sheria haimruhusu mke kumsema mumewe, na mtoto wa miaka 8 hasikilizwi. Jirani ananiambia nidai talaka kwanza ndipo nitaweza kusema. Nimchukue nani maneno yake?*

*Mama wa Barani*

Wa aleikum salaam, mwanangu. Kwanza pole, na zaidi pole kwa mtoto.

Mavyaa wako amesema kweli kwa kesi moja na amekosea kwa nyingine. Polisi aliyekuambia utatoa ushahidi kote kote naye ni vivyo hivyo, ila amegeuza upande. Nakuomba usizichanganye kesi hizi kichwani mwako. Kuanzia leo moja iite kesi ya mkono na nyingine kesi ya mashine, kwa sababu sheria inakutazama kama watu wawili tofauti katika kesi hizo.

Nianze na ya mashine, maana ni nyepesi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 127, inasema mke au mume wa mshtakiwa anaweza kuwa shahidi wa upande wa utetezi, na haitwi ila mshtakiwa mwenyewe aombe. Upande wa mashtaka hauna ruhusa ya kukuita. Wala hapa si suala la wewe kukubali au kukataa. Hata ungekuwa na hamu ya kusimama kizimbani ukaeleza ule mkokoteni wa usiku, mwendesha mashtaka hawezi kukusimamisha, na akijaribu wakili wa mumeo atapinga. Mumeo akiwa hana wakili, hakimu anapaswa kulitambua mwenyewe. Likipita bila kutambuliwa, mahakama ya rufaa inaweza kuutupa ushahidi wako na kuuliza kama uliobaki unatosha kumtia hatiani.

Lakini usidhani kesi ya mashine itakufa kwa kuwa wewe hukusema. Afisa aliyeikuta mashine nyumbani atasema aliikuta. Mwenye mashine ataitambua kwa namba na alama zake. Ndipo mumeo atatakiwa kueleza kitu cha wizi kilifikaje kwake. Na ile karatasi uliyotia sahihi kituoni haiwezi kusomwa na askari badala yako. Askari hakuona mkokoteni. Alisikia kwako tu, na mahakama inataka aliyeona aseme mwenyewe. Karatasi ile iliwasaidia polisi kujua pa kutafuta, kazi yake ni hiyo.

Kuna mtego mmoja hapo ambao wake wengi hawauoni. Mumeo anaweza kukuomba uwe shahidi wake, ukaseme usiku ule alilala nyumbani. Ukikubali ukapanda kizimbani, mwendesha mashtaka ana haki ya kukuhoji, na atakuhoji juu ya usiku huohuo. Ukisema uongo baada ya kuapa, hilo ni kosa lako wewe, na kifungo chake chaweza kufika miaka 7. Usiende huko kwa ajili ya kumridhisha mtu. Na ukikaa kimya usiitwe, mwendesha mashtaka haruhusiwi kumwambia hakimu, "Mbona mkewe hakuja kumtetea?" Sheria imemkataza kwa maneno ya wazi.

Sasa kesi ya mkono. Kifungu hicho hicho cha 127, kijisehemu cha tatu, kimetoa mambo matatu ambayo ndani yake mke au mume anaweza kuitwa na upande wowote, mshtakiwa apende asipende, na akiitwa lazima aseme. La kwanza ni mtu kushtakiwa kwa kuoa au kuolewa juu ya ndoa isiyoruhusu. La pili ni makosa ya Sheria ya Makosa ya Kingono. La tatu ndilo lako: kitendo kilichogusa mwili au mali ya mke au mume, au ya watoto wa mmoja wao.

Yasome tena hayo maneno ya mwisho. Sheria haikusema watoto wao wawili. Imesema watoto wa mmoja wao. Mawifi zako watakuja na hoja kwamba mtoto si wa kaka yao, basi hayamo. Yamo. Ni mwanao, na hiyo inatosha. Lau angekuwa mtoto wake yeye aliyemzaa na mwanamke mwingine, bado ingekuwa hivyo hivyo.

Ila mpaka upo, na ni mkali. Lau aliyevunjwa mkono angekuwa mtoto wa dada yako mnayemlea tu, basi huyo si mtoto wa mmoja wenu kwa maana ya kifungu hiki, na upande wa mashtaka usingeweza kukuita, ijapokuwa mtoto anakula sahani moja na wanao na anakuita mama. Jambo hili linaniumiza, kwa kuwa kwetu pwani nyumba isiyolea mtoto wa ndugu ni chache. Lakini ndivyo kifungu kilivyoandikwa. Na lau kosa lingekuwa la kingono, hapo sheria haiulizi mtoto ni wa nani, hata akiwa wa jirani: mke ataitwa na atasema.

Kuitwa maana yake nini? Utapata samansi yenye namba ya kesi na tarehe. Usipokwenda bila sababu ya maana, hakimu anaweza kutoa waranti ukaletwa na polisi. Ukienda kisha ukakataa kuapa au kujibu, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu hakimu kuahirisha kesi kwa siku zisizozidi 8 na kukuweka ndani katika siku hizo ili ufikiri. Kumwambia hakimu umemsamehe mumeo hakukutoi kwenye wajibu huo. Msamaha wako unaweza kusaidia wakati wa hukumu, hauondoi ushahidi. Na ukipanda kizimbani ukageuza maneno, ukasema mtoto alianguka kwenye mnazi, mwendesha mashtaka anaweza kuomba ruhusa akuhoji kama shahidi aliyegeuka, na hapo ile karatasi ya kituoni utawekewa mbele ya macho yako mstari kwa mstari.

Juu ya nikahi: wapo watakaosema haina cheti, kwa hivyo wewe si mke mbele ya serikali. Tahadhari na hoja hiyo, maana ina makali pande zote mbili. Kifungu kinaitambua ndoa inayofunga kisheria, iwe ya mke mmoja au zaidi, na ndoa ya kimila imo. Ndoa ya Kiislamu inatambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Kwa hivyo ukiwa wewe ni mke wa pili, ulinzi wa kesi ya mashine unao vilevile. Kama unacho cheti kutoka kwa msajili au kwa Kadhi, kiweke tayari. Kama hunacho, jua majina ya walii wako na mashahidi wa nikahi, kwa sababu mahakama ikiuliza, ndoa itathibitishwa kwa ushahidi. Wanaoishi pamoja tu bila ndoa hawana kinga hii. Mwanamke huyo ni shahidi kama shahidi yeyote, aitwa na lazima aseme.

Twende kwenye maneno aliyokuambia, kwa sababu hapa watu huchanganya kuona na kuambiwa. Kifungu cha 130 kinayalinda maneno waliyoambiana mume na mke wakati wa ndoa. Hulazimishwi kuyatoa, na hata ukitaka mwenyewe huruhusiwi mpaka aliyeyasema akubali. Lakini ulinzi huo unavunjika katika yale mambo matatu niliyokutajia. Kwa hivyo katika kesi ya mkono, yale maneno ya usiku, kwamba hasira zilimpanda, unaweza kuulizwa na utajibu. Katika kesi ya mashine, alivyokuambia ameitoa wapi ni amana ya ndoa. Hata ukiwa shahidi wa utetezi na mwendesha mashtaka akakuuliza, "Alikuambiaje?", una haki ya kumwambia hakimu kwamba hayo ni maneno ya mume kwa mke na hujaruhusiwa kuyasema.

Na hapo ndipo talaka ya jirani yako inaposhindwa. Mkishaachana kikweli wewe si mke tena, kwa hivyo ile kinga ya kutoitwa inaondoka, na ungeweza kuulizwa juu ya ulichoona kwa macho, yaani mkokoteni na mashine. Lakini alichokuambia alikuambia ukiwa mkewe, na kifungu kinazungumzia maneno ya wakati wa ndoa. Talaka haiyafungui. Kwa kesi ya mkono talaka haibadilishi kitu, utasema ukiwa mke na utasema ukiwa umeachwa. Basi usiombe talaka kwa ajili ya kesi. Ukiitaka kwa usalama wako na wa mwanao, hilo ni jambo jingine kabisa, nami sitakuzuia. Ila ujue talaka ya rejea haijakamilika mpaka eda iishe, kwa hivyo usijitangaze umeachika kesho yake.

Sasa mtoto. Hakuna umri wa chini ambao sheria imesema mtoto asisikilizwe. Kinachotazamwa ni kama anaelewa maswali na anaweza kuyajibu kwa akili. Tangu uamuzi wa kesi ya Kibageny arap Kolil wa mwaka 1959, mahakama zetu humchukua mtoto wa chini ya miaka 14 kuwa wa umri mdogo, na huyo hupimwa kwanza kabla ya kutoa ushahidi.

Kipimo chenyewe ni mazungumzo mafupi na hakimu, na maswali na majibu huandikwa. Atamuuliza jina lake, umri wake, anasoma wapi na darasa la ngapi, mwalimu wake ni nani. Akisema anakwenda chuoni, anaweza kuulizwa maalimu amemfunza nini juu ya uongo. Kisha lile la uzito: kuapa ni nini, na anayeapa kisha akasema uongo huwa vipi? Hakimu ana mambo mawili ya kuamua, na huyaamua kwa zamu. La kwanza, je, mtoto anaelewa kiapo ni kitu gani? Akielewa, ataapishwa kama mtu mzima, na mtoto wa Kiislamu huapa kwa Qurani. Asipoelewa, hakimu anakwenda la pili: ana akili ya kutosha, na anajua kwamba ni wajibu kusema kweli? Akiwa nayo, atasema bila kiapo. Akikosa yote mawili, hatasikilizwa.

Nikupe mfano wa mtoto wa miaka 8. Akiulizwa kuapa ni nini, akajibu, "Sijui, lakini kusema uongo ni vibaya, mwalimu anapiga na Mungu hapendi," huyo pengine hataapishwa, lakini atasikilizwa. Wazazi wengi wakisikia mtoto hakuapa hudhani ushahidi umetupwa. Haukutupwa. Umepungua uzito kwa namna moja maalumu, na namna hiyo ndiyo inayokufanya wewe uitwe.

Kifungu cha 124 kinasema mshtakiwa hatiwi hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyeathirika asiyeapa peke yake, mpaka kuwe na ushahidi mwingine wa kuutia nguvu. Makosa ya kingono yametengwa: humo hakimu anaweza kumwamini mtoto peke yake akiandika sababu zake. Kesi ya mkono si ya kingono. Mwanao akisimama bila kiapo akasema, "Baba alinipiga kwa mpini," hayo peke yake hayatoshi. Fomu ya P3 aliyojaza daktari itaonyesha mfupa umevunjika na huenda ikaeleza umevunjwa na kitu butu. Lakini daktari hajui ni mkono wa nani ulioshika mpini. Aliyeingia mlangoni akaona mpini mkononi mwa mtu na mtoto chini ni wewe. Wewe ndiye unayeunganisha mfupa na mtu. Ndiyo maana mavyaa wako anahangaika na wewe kuliko anavyohangaika na daktari.

Na wewe utakaposimama, sema ulichokiona na ukomee hapo. Hukuona pigo lenyewe. Ukisema uliliona, ili kumsaidia mwanao, wakili atakuuliza ulikuwa umesimama wapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, kapu la soko ulilitua wapi, na uongo huo mmoja utaharibu ukweli wote wa mpini.

Usimfundishe mtoto maneno. Nasema hili kwa mkazo kwa kuwa nimekaa mahakamani nikawaona akina mama wema wakiharibu kesi kwa mapenzi. Mtoto wa miaka 8 akisema "mshtakiwa alinishambulia kwa silaha butu", kila mtu chumbani anajua kuna mtu mzima nyuma yake, na swali la kwanza la utetezi litakuwa, "Nani alikuambia useme hivyo?" Mtoto atajibu, "Mama." Hata asiyeapa huhojiwa na upande wa pili, hilo halikwepeki. Mwambie mambo mawili tu: aseme kweli, na asipojua au asipoelewa swali aseme hajui au haelewi. Mpeleke akione chumba cha mahakama siku isiyo ya kesi kama mwendesha mashtaka atakuruhusu, ajue hakimu anakaa wapi.

Kuna kipimo kikakosewa pia, hakimu akasahau kumuuliza mtoto au asiyaandike majibu. Zamani hilo liliweza kuangusha kesi nzima. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2016, katika kesi ya Maripett Loonkomok, kwamba kukosa kipimo hakuangushi kesi moja kwa moja. Hutazamwa ushahidi wote. Lakini usilitegemee hilo. Ukiona mtoto amepandishwa moja kwa moja akaanza kuulizwa juu ya mpini, mnong'oneze mwendesha mashtaka mapema.

Kabla ya siku yenyewe fanya haya. Nenda kwa ofisi ya mwendesha mashtaka pale mahakama za Malindi, si kituoni, ukiwa na samansi zako zote mbili. Tazama namba ya kila kesi na shtaka lake. Kwenye ya mashine mwambie waziwazi: mimi ni mke wa mshtakiwa, ndoa yetu ni hai, na hii si kesi ya mwanangu. Huenda hakuna aliyemwambia kwamba mmeoana, maana mafaili mawili hushikwa na watu wawili. Kwenye ya mkono muombe akutangulize wewe kabla ya mtoto. Mashahidi ambao hawajasema hukaa nje wasisikie wenzao, kwa hivyo mtoto akitangulia atakuwa ndani peke yake na baba yake wa kambo mbele ya macho yake, na wewe uko barazani. Ukishasema wewe kwanza, unaweza kuombewa ubaki ndani akuone. Muombe pia aiombe mahakama isikilize mtoto bila watu wa nje chumbani, na afisa wa watoto awepo. Na mawifi wakikutisha ili usiende, usibishane nao. Andika tarehe na maneno waliyosema, umpe mwendesha mashtaka siku hiyohiyo, kwa sababu kumzuia shahidi ni kosa jingine, na hilo halina ulinzi wa ndoa ya mtu yeyote.